Anzia kamati ya mkutano mkuu

Wakili mgeni katika Chama cha Wanasheria Tanganyika akitaka kufahamiana na viongozi, aombe nafasi kwenye kamati ya maandalizi ya mkutano mkuu wa mwaka. Kazi ya kamati hiyo ina tarehe isiyosogezwa, kwa hiyo viongozi huifuatilia kwa karibu. Jitolee kuandika muhtasari wa vikao. Uandae usiku huohuo, ukionyesha nani atafanya nini na lini, kisha mpigie mwenyekiti auhakiki kabla hujausambaza. Simu hiyo, naamini, hujenga ukaribu kuliko salamu kumi za ukumbini. Kamati isiyo na bajeti wala ratiba ya vikao, iache. Na usimwombe kiongozi kazi kabla hujakamilisha uliyopangiwa.