Malaria kali: andika barua ya ruhusa ambayo zahanati itaitumia

Mtoto ameamka, anakunywa uji, na mama ameshafunga kanga zake. Kabla hawajaondoka wodini, kaa dakika kumi uandike barua ya zahanati. Andika ukimfikiria mganga mfawidhi atakayeipokea: yuko peke yake, foleni ni ndefu, na maabara yake ni ndogo. Hahitaji hadithi ya wodi nzima. Anahitaji kujua afanye nini, na tarehe ngapi.

Tumchukue mtoto wa mfano: msichana wa miaka miwili na miezi minane, kilo 12. Alifika tarehe 3 Machi jioni akiwa na degedege, hana fahamu, damu gramu 4.1 kwa desilita. Mstari wako wa kwanza uyabebe hayo yote: "Malaria kali yenye degedege, kupoteza fahamu na upungufu mkubwa wa damu." Ukiandika "malaria" peke yake, zahanati itamwona kama mtoto mwingine yeyote aliyepata homa.

Taja dawa kwa dozi na saa. Huyu alipata artesunati ya mshipa, miligramu 36 kila mara, yaani miligramu 3 kwa kila kilo: tarehe 3 saa mbili usiku, tarehe 4 saa mbili asubuhi, na tarehe 4 saa mbili usiku. Sindano hizo hazimalizi tiba. Lazima zifuatwe na dozi kamili ya dawa mseto ya siku tatu, na hapo ndipo wengi hukatikia njiani, kwa sababu mtoto anaonekana amepona.

Kwa hiyo hesabu vidonge vilivyobaki. Mtoto wetu anameza kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Alianza tarehe 5 asubuhi na anaruhusiwa tarehe 6 baada ya kidonge cha tatu. Andika: "Vimebaki vitatu: tarehe 6 jioni, tarehe 7 asubuhi na tarehe 7 jioni, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta." Mwambie mama maneno hayohayo, kisha mwombe akurudishie.

Sasa njoo kwenye damu. Hapa usiwe na haraka. Artesunati huweza kufuatwa na kuvunjika kwa chembe nyekundu baada ya siku saba au zaidi, wakati mtoto yuko nyumbani na malaria imeshaisha. Andika damu ya kuingia, kiasi alichoongezewa na damu ya kutoka: "4.1; ameongezewa mililita 120 za chembe nyekundu; ametoka na 7.2." Bila maelezo hayo ya katikati, anayesoma atadhani mwili wenyewe umeshajijaza damu.

Kisha panga vipimo kwa tarehe. Usiseme "arudi baada ya wiki". Sema: "Pimeni damu tarehe 10, 17 na 31 Machi." Ongeza na la kufanya: "Ikishuka chini ya 7.2, au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, au macho yakiwa ya manjano, mleteni siku hiyohiyo." Kama zahanati haina kipimo cha damu, waambie waangalie weupe wa viganja tarehe hizohizo, na wakiuona wamtume bila kungoja.

Jambo la pili linalowachanganya wenzetu wa zahanati ni kipimo cha haraka cha malaria. Vipimo vingi hutafuta protini ya vimelea, nayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto akirudi na mafua tarehe 20, kipimo kitaonyesha mistari miwili, atapewa dawa mseto tena, na nimonia inayomsumbua itaachwa. Andika wazi: "Hadi mwanzo wa Aprili msitegemee kipimo cha haraka. Homa ikirudi, apimwe kwa darubini, na tafuteni chanzo kingine." Ila akiwa na degedege, analegea au anashindwa kunyonya au kunywa, asisubiri darubini. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa kuwa alipoteza fahamu, eleza alivyo leo kwa vitendo: "Anatembea bila kuyumba, anamwita mama, anafuata kitu kwa macho, anashika kikombe kwa mikono yote miwili." Maneno kama "hali nzuri" hayamsaidii mtu kugundua mwezi ujao kwamba mkono wa kushoto umedhoofu.

Zile tarehe tatu za kupima damu zinakili pia kwenye kadi ya kliniki, maana barua hupotea lakini kadi mama huitunza. Chini ya barua weka namba ya simu ya wodi, inayopokelewa hata usiku.