Pete ya tungsteni, titani au kauri ikikwama kidoleni

Sonara akiletewa pete ya dhahabu inayobana, huikata, huitanua, hujaza pengo kwa kipande cha dhahabu, kisha huilehemu na kuing'arisha. Pete nyeusi au za kijivu zinazopendwa na wanaume siku hizi hazikubali kazi hiyo, na anayezivaa anapaswa kujua sababu kabla kidole hakijavimba.

Pete inayoitwa ya tungsteni hutengenezwa kwa unga wa kabidi ya tungsteni uliochanganywa na nikeli au kobalti kidogo, ukashindiliwa kwenye kalibu na kuokwa katika joto kali mpaka ukashikana. Ni ngumu kiasi kwamba msumeno wa sonara hauikwaruzi, lakini haipindi wala haivutiki: ikizidiwa nguvu, hupasuka. Kauri nayo ni hivyo hivyo. Titani ni metali inayopinda, ila ikichomelewa kwenye hewa ya kawaida hunyonya oksijeni na naitrojeni, na kiungo chake huwa rahisi kuvunjika. Fundi mwenye mashine ya kukerezea anaweza kuikwangua ndani ikapanuka kidogo, basi. Kwa hiyo pima kidole jioni, wakati kimejaa, na umuulize muuzaji kama atakubadilishia saizi.

Sasa tuseme mkata miwa wa Butali amedungwa na nyuki mkononi akiwa shambani. Kidole kinavimba na pete haipiti kwenye kifundo. Hatua ya kwanza ni kuinua mkono juu ya moyo, kuutia kwenye maji baridi kwa dakika kama kumi, kisha kupaka mafuta ya kupikia au sabuni na kuizungusha pete taratibu huku ukiivuta.

Isipotoka, chukua uzi imara na mwembamba. Pitisha ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani. Upande mrefu uzungushe kidoleni kuanzia ukingoni mwa pete hadi kupita kifundo, mizunguko ikigusana na kukaza kiasi cha kubana uvimbe. Halafu vuta ile ncha ya kiganjani kuelekea kwenye kucha: uzi utafunguka na kuisukuma pete mbele. Usitumie uzi kama kidole kina jeraha au huenda kimevunjika. Na kidole kikiwa cheupe au cha buluu, kikiwa baridi au kimekufa ganzi, usipoteze muda na uzi: pete iondolewe mara moja.

Hapo ndipo aina ya pete inapoamua kila kitu. Tazama ndani kama kuna chapa, kisha kumbuka uzito wake. Tungsteni ni nzito karibu mara mbili ya chuma. Titani ni nyepesi kuliko chuma. Kauri ni nyepesi na haina mlio wa metali.

Tungsteni na kauri huvunjwa. Kifaa ni ile koleo inayojifunga yenyewe, vaisigripu, ambayo makanika wengi wa barabara ya Kakamega kwenda Webuye wanayo. Funika macho ya mgonjwa na yako. Rekebisha skrubu ya koleo mpaka meno yakijifunga yaguse pete tu bila kuiminya. Ifungue, kaza skrubu robo mzunguko, ifunge tena juu ya pete. Rudia hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka usikie pete ikipasuka. Kisha shika upande mwingine na urudie hadi vipande vianguke. Osha kidole na utafute vigae vilivyobaki kwenye ngozi.

Angalizo kubwa: ukiona pete inabonyea badala ya kupasuka, acha papo hapo. Hiyo si tungsteni. Ni chuma, titani au dhahabu, na ukiendelea utaiminya iingie kwenye nyama.

Titani hukatwa. Kikatio kidogo cha mkono kinachotumika kwa dhahabu huweza kuishiwa na meno kabla ya kumaliza, hivyo hutakiwa kikatio cha umeme chenye diski ngumu, na bamba jembamba la kukinga ngozi chini ya pete. Joto ndilo adui hapa: mkataji hudondosha maji na kupumzika kila baada ya sekunde chache. Kwa kuwa titani hurudi kama springi, ni afadhali kuikata pande mbili zinazotazamana ili itoke nusu kwa nusu. Kazi hii ni ya hospitali. Nenda Malava au Kakamega, na mpigie simu mhudumu kwanza umwambie ni titani. Usikubali grainda ya kukatia vyuma isogezwe kidoleni.

Kabla ya kuvaa pete ya namna hii, andika aina yake kwenye simu yako na umwambie mtu wa nyumbani. Ukifanya kazi ya mitambo kiwandani au kwenye trekta za miwa, ivue na uiache nyumbani.