Maji Juu ya Maziwa ya Mgando

Mama mmoja wa Uvira alichemsha maziwa, akayaacha yapoe kidogo, akatia kijiko cha mgando wa jana. Asubuhi yaliganda, na juu palikuwa na maji ya manjano. Je, yaliharibika?

Hapana. Vijidudu vimegeuza sukari ya maziwa kuwa uchachu. Uchachu hufanya maziwa yashikamane kama wavu wa mvuvi, na wavu huo hushika maji. Uchachu ukizidi, au sufuria ikitikiswa, wavu hujikaza na maji hutoka.

Ukitaka kunywa, koroga, maana maji hayo yana chumvi na sukari ya maziwa. Ukitaka mgando mzito, yamimine polepole katika kikombe. Lakini ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, tupa yote.

Swali: Kwa nini sufuria ya mgando isitikiswe?