Maswali ya kujitathmini yanayodai ushahidi

Swali: Mimi ni ofisa rasilimali watu. Kila tathmini, wafanyakazi huandika tu "nimejituma sana". Niwaulizeje ili waeleze mafanikio kwa ushahidi?

Jibu: Fomu inayosema "Eleza mafanikio yako" huomba sifa, na sifa ndizo inazopata. Ligawe swali hilo mara nne: hali ilikuwaje kipindi kilipoanza? Wewe mwenyewe ulifanya nini? Nini kilibadilika? Uthibitisho uko wapi? Mtunza stoo aliyezoea kuandika "nimeboresha stoo" ataandika: "Januari, bidhaa 14 kati ya 200 hazikulingana na leja. Nikaanza kuhesabu rafu moja kila Ijumaa badala ya kungoja mwisho wa robo mwaka. Juni zilibaki 3. Tazama karatasi za kuhesabia." Swali la pili linatenga mchango wake na wa timu. La nne linamzuia kutia chumvi, kwa sababu msimamizi anaweza kuzifungua karatasi hizo.

Wapo watakaosema kazi kama ya mapokezi haina takwimu. Ni kweli, na kumlazimisha mtu kutaja namba humfanya azibuni. Lakini ushahidi si namba pekee: barua pepe ya mteja, au mwongozo alioandika ambao wenzake wanautumia, unatosha. Kikwazo kikubwa zaidi ni kumbukumbu, maana anayeulizwa Desemba hukumbuka Novemba. Kwa hiyo wape maswali haya kipindi kinapoanza, waandike mistari miwili kila mwezi, kisha wachague matukio matatu ya kujaza kwenye fomu.