Mafunzo Niliyopata Katika Dua ya Fundi Mwenye Deni

Mimi ni fundi seremala wa Keko, upande wa Barabara ya Chang'ombe, kule ambako sofa na vitanda hupangwa mpaka ukingoni mwa lami. Mteja mmoja alichukua vitanda vya nyumba ya wageni kwa makubaliano kwamba atalipa vikishafungwa. Vilipofungwa, akazima simu. Mbao za mninga nilikuwa nimezichukua kwa mkopo, na mwenye mbao hakuwa na habari na wageni wala vitanda.

Kipindi hicho niliishika dua moja kuliko zote. Imo katika Sahihi ya Bukhari, kwa mapokezi ya Anas bin Malik, ambaye alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu angali kijana na kumsikia akiisema mara nyingi:

Allaahumma innii a'uudhu bika minal-hammi wal-hazan, wal-'ajzi wal-kasal, wal-bukhli wal-jubn, wa dhala'id-dayn, wa ghalabatir-rijaal.

1. Kiswahili chetu kinatusaidia kuielewa, kisha kinatupoteza

Karibu kila neno hapo lina ndugu yake katika Kiswahili, na hapo ndipo mtu anapoteleza. Akisikia "hamm" anawaza hamu ya kitu. Akisikia "'ajz" anawaza ajizi, yaani uvivu, halafu "kasal" nayo akiambiwa ni uvivu anaona Mtume amesema jambo moja mara mbili.

Ustadhi wetu wa msikitini alinifungulia kwa maelezo ya Ibnul Qayyim, mwanachuoni wa Damaski aliyefariki mwaka 1350. Mambo ni manane, na yamefungwa mawili mawili. Hamm ni dhiki ya jambo ambalo bado halijafika, hazan ni majonzi ya lililokwisha kupita. 'Ajz ni kukosa uwezo, kasal ni kuwa nao usitake kuutumia. Bukhl ni kuzuia mali, jubn ni kuzuia nafsi kwa woga. Mawili ya mwisho ni kuzidiwa na watu: dhala'id-dayn ni uzito wa deni unaomwinamisha mtu, na huyo anayekudai ana haki yake. Ghalabatir-rijaal ni kuonewa na watu wasio na haki.

Nilipoyapata haya, dua ikaacha kuwa wimbo wa kukariri. Hamm yangu ilikuwa Jumamosi, siku ambayo mwenye mbao hupita. Hazan ilikuwa vitanda vilivyokwenda. Jubn ilikuwa ile tabia ya kutoka kwa mlango wa nyuma pikipiki ya mwenye mbao ikisikika. Bukhl nayo ilinigusa mahali ambapo sikutarajia, kwa vijana wanaonipigia msasa: mtu akibanwa, wa kwanza kuzuiliwa pesa ni kibarua, kwa kuwa hana wa kumsemea. Na ghalabatir-rijaal nilikuwa naye kwenye simu, namba haipatikani.

Tangu hapo, kabla ya kuisema, najiuliza leo nimebanwa na lipi kati ya manane. Nikifika kwenye neno hilo nalitamka taratibu. Kwangu mimi huo ndio unyofu wa dua, kujua unachokimbia unapomwambia Mola akukinge. Machozi yakija, yaje. Yasipokuja, dua haijapungua.

2. Dayn siyo diin

Hili ni fupi lakini zito. Wengi wetu tunaisoma dua hii kwa herufi za Kiswahili kutoka kwenye vitabu vidogo vinavyouzwa nje ya misikiti baada ya Ijumaa. Anayesoma haraka hutamka "dhala'id-diin". Dayn ni deni, diin ni dini. Mtu anaomba kukingwa na uzito wa dini yake! Mwenyezi Mungu anajua kusudio la mja, lakini kulirekebisha neno hakuchukui muda. Msomee mtu aliyepita madrasa akusikilize, hasa hapo.

3. Deni lina mwenzake, nao ni uongo

Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume alikuwa akijikinga ndani ya Swala na dhambi na deni. Akaulizwa mbona anajikinga na deni mara nyingi hivyo. Jibu lake, lililomo katika Bukhari na Muslim, ni kwamba mtu akiwa na deni huongea akasema uongo, na huahidi asitimize.

Hadithi hii ingeweza kubandikwa kwenye kila karakana ya Keko. Mama anakuja: "Fundi, kabati langu?" Anajibiwa, "Mama, lipo kwenye vanishi, njoo keshokutwa." Kabati lenyewe bado ni ubao haujapigwa randa, na pesa yake ya kianzio imekwenda kumaliza sofa ya mtu mwingine. Si kwamba mafundi ni watu waovu. Deni ndilo linaloongea kwa midomo yao.

Kwa hiyo dua hii ina kazi inayofuatana nayo. Mimi nilikwenda mwenyewe kwa mwenye mbao kabla ya Jumamosi yake. Nikamwambia, "Mzee, nimedhulumiwa, sina zote, nitakupa kidogo kidogo kila nikiuza." Alifoka, kisha tukaandikiana. Deni lilibaki lilelile, ila hamm ya Jumamosi ikaondoka, kwa sababu hapakuwa tena na uongo wa kutunga.

4. Mahali pa kuisema

Mtume amefundisha kwamba mja huwa karibu zaidi na Mola wake anaposujudu, basi tukithirishe dua hapo. Pengine pazuri ni mwisho wa Swala, baada ya tahiyatu na kumswalia Mtume, kabla ya salamu. Kuna mtu alianza kuomba ndani ya Swala bila kumsifu Mungu wala kumswalia Mtume, na Mtume akasema huyu amefanya haraka. Dhiki ndiyo inayotufanya tuanze na shida.

Ndani ya Swala naisema kwa Kiarabu, kama masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wanavyosisitiza. Baada ya salamu naongea Kiswahili changu, namtaja mwenye mbao, nataja kiasi, naombea hata yule aliyezima simu arudi kwenye haki.

5. Msiigeuze kuwa hirizi

Husambazwa kwenye simu ujumbe kwamba ukiisoma asubuhi na jioni deni litalipika, wengine wakiongeza na idadi ya siku. Chanzo chake ni kisa cha Abu Umama, Sahaba aliyekutwa msikitini nje ya wakati wa Swala akiwa na madeni, akafundishwa dua hii. Kisa hicho kimo katika Sunan ya Abu Daud, na wanazuoni wa Hadithi wameona udhaifu katika mapokezi yake. Maneno ya dua ni sahihi kwa njia ya Anas. Hiyo ahadi ya siku haina msingi.

Na tukumbuke kwamba Mtume mwenyewe, aliyeisema zaidi yetu sote, alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Basi anayekopa kausha damu kwa matumaini kwamba dua italipa, ajue dua hii haikusemwa kwa ajili hiyo.

Pia kuna dhiki ambayo ni ugonjwa. Ukiona wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, moyo unakwenda mbio bila sababu, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali ya Temeke au kituo kilicho karibu nawe, ueleze hivyo hivyo. Aliyetufundisha dua ndiye aliyetuamrisha kujitibu, basi nenda, na usiache kuisoma ukiwa kwenye foleni.