Tangazo la Kazi: Namna ya Kumpata Muuguzi Atakayekaa

Zahanati nyingi za mashambani hupata muuguzi kwa urahisi, lakini hushindwa kumweka. Tangazo hutolewa, barua huja kwa wingi, mtu huchaguliwa, naye huripoti kazini. Baada ya miezi mitatu huomba ruhusa ya kwenda kwao, wala harudi tena. Watoto waliokuwa wakingoja chanjo hukosa siku yao, na mama mjamzito hubeba safari ya gari hadi mjini. Halmashauri husema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Lakini mara nyingi kosa lilianza mapema zaidi, katika tangazo lenyewe.

Na utazamwe mfano wa tangazo la namna inayobandikwa kila siku: “Anatakiwa muuguzi mwenye bidii, mwaminifu, mchapakazi na awezaye kufanya kazi katika mazingira magumu. Mshahara ni mzuri. Waombaji walete barua, vyeti vyote, na picha mbili.”

Maneno hayo hayana ubaya, ila hayachuji mtu. Hakuna mwombaji atakayejisoma na kusema, “Mimi si mwaminifu, basi sitaomba.” Kila mmoja atanakili sifa zile zile katika barua yake na kuzirudisha kwa halmashauri. Nayo maneno “mazingira magumu” hayamwambii kitu: mmoja atafikiri ni joto, mwingine atafikiri ni foleni ndefu ya wagonjwa. Wala “mshahara ni mzuri” si habari. Tangazo lifaalo ni lile linalompa asiyefaa sababu ya kuliacha, na linalompa afaaye sababu ya kuomba.

Jambo la kwanza ni kueleza kazi na mahali kwa ukweli, bila kuficha taabu na bila kuzitia chumvi. Isisemwe “mbali na mji”. Zitajwe kilomita, hali ya barabara, na miezi ambayo gari hushindwa kupita. Isemwe maji hutoka wapi, simu hushika wapi, na kama muuguzi atakuwa peke yake usiku. Kando ya taabu hizo yawekwe mema yaliyopo: nyumba, taa, siku za mapumziko, shule ya watoto. Mtu atakayekimbia akiona ukweli huo ni heri akimbie akiwa bado nyumbani kwake, kuliko kukimbia baada ya kupewa funguo za duka la dawa.

Jambo la pili ni malipo na maendeleo. Halmashauri nyingine huogopa kutaja mshahara au cheo, zikidhani kwamba anayeuliza fedha hana moyo wa kuhudumia watu. Nchini Zambia jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu mwaka 2010, serikali ilipokuwa ikiajiri wafanyakazi wapya wa afya wa vijijini katika wilaya 48. Katika nusu ya wilaya hizo matangazo yalisisitiza kuisaidia jamii. Katika nusu ya pili yalisisitiza kwamba mtu aweza kupanda daraja katika wizara ya afya. Kazi na malipo vilikuwa sawa kwa wote. Baadaye ilionekana kwamba walioajiriwa kwa tangazo la kupanda daraja walitembelea nyumba nyingi zaidi: mahali ambapo wenzao walifanya ziara 100, wao walifanya kama 129. Tena watoto wenye uzito mdogo walipungua katika maeneo yao.

Hata hivyo habari hiyo isisomwe nusu. Katika kundi zima la waombaji, tangazo la daraja liliwavuta pia watu wasiojali sana wenzao. Ila hao kwa jumla hawakuwa hodari, na kamati za uchaguzi hazikuwachukua. Yaani tangazo lilileta watu wenye uwezo, na wachaguzi wakawaondoa wasiofaa.

Nchini Uganda, mwaka 2012, jambo lilikwenda kinyume. Kazi ya kutembeza dawa na mafunzo ya afya vijijini ilikuwa mpya, wala watu hawakuijua. Waombaji walioambiwa kwamba mapato yaweza kuwa makubwa walikuja wengi zaidi, lakini wale wenye moyo wa kusaidia wengine walirudi nyuma, na walioajiriwa waliacha kazi upesi zaidi. Sababu yake ni kwamba mtu asiyeijua kazi huitambua kwa kile kinachotajwa kwanza. Akisikia fedha kwanza, hudhani ni biashara.

Mafundisho ya nchi hizo mbili hayapingani. Mshahara utajwe kwa shilingi, na nafasi ya kupanda itajwe ikiwa ipo kweli. Lakini kazi yenyewe ielezwe kwanza, wazi, ili malipo yasiwe ndiyo sura yake.

Jambo la tatu ni kumtaka mwombaji afanye kazi ndogo ambayo haiwezi kunakiliwa. Si kumtaka alete vyeti vya gharama. Hivyo humzuia maskini, wala havimzuii mvivu. Ni kumwuliza swali moja linalotoka katika kazi yenyewe. Muuguzi wa zahanati ya mbali atafanya maamuzi bila mkubwa wake kuwa karibu. Basi aulizwe juu ya hilo.

Ufuatao ni mfano wa tangazo la zahanati ya kijiji kaskazini mwa Kenya, lililoandikwa kwa njia hiyo:

“ANATAKIWA MUUGUZI MMOJA, zahanati ya kijiji, kilomita 85 kutoka mji wa Marsabit.

Kazi: Kutibu wagonjwa wapatao 30 kwa siku, kuchanja watoto Jumanne na Alhamisi, kupima waja wazito na kuzalisha. Muuguzi ni mmoja na msaidizi ni mmoja. Wazazi wengine huja usiku.

Mahali: Barabara ni ya udongo, mvua za Aprili na Novemba zaweza kuifunga kwa siku kadhaa. Maji huletwa kwa gari kila wiki. Simu hushika kilimani, mwendo wa dakika 10. Ipo nyumba ya vyumba viwili bila kodi, yenye taa za nguvu ya jua. Shule ya msingi iko karibu. Ya sekondari haipo.

Malipo: Shilingi 45,000 kwa mwezi kabla ya makato, hulipwa tarehe 28. Kila baada ya wiki 6 kuna mapumziko ya siku 5 pamoja na nauli hadi Marsabit. Mkataba ni wa miaka 2. Atakayemaliza mwaka mmoja atalipiwa nusu ya karo ya masomo ya kujiendeleza.

Anayetakiwa: Diploma ya uuguzi na leseni hai ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Wagonjwa wengi husema Kiborana; asiyekijua atasaidiwa na msaidizi huku akijifunza.

Maombi: Barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, na nakala ya leseni. Katika barua jibu swali hili: Eleza siku moja uliyolazimika kuamua jambo la mgonjwa bila mkubwa wako kuwa karibu. Ulifanya nini, ulikosa nini, na baadaye ulibadili nini? Usitaje jina la mgonjwa. Barua isiyo na jibu haitasomwa.”

Barua zikifika, kazi ya kwanza ni nyepesi: zile zisizojibu swali ziwekwe kando. Hao ni waombaji walioipeleka barua ile ile mahali pengi bila kulisoma tangazo. Kisha majibu yasomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, wapate kulinganisha maoni baadaye.

Mmoja ataandika: “Niliwahi kukutana na hali ngumu nikaishughulikia kwa ustadi, mgonjwa akapona.” Jibu hilo halina mgonjwa wala dawa. Mwingine ataandika kwamba mama alitoka damu nyingi baada ya kujifungua. Alimchoma sindano ya oksitosini, akasugua tumbo la uzazi, akatuma mtu aite gari, ndipo akaona chupa za maji ya mshipa zimebaki mbili tu. Tangu siku hiyo akaanza kuhesabu dawa kila Ijumaa na kuandika katika daftari. Huyu ameonyesha mambo matatu ambayo hakuna cheti kionyeshacho: anajua la kufanya, anakiri upungufu, na hurekebisha mambo bila kuagizwa.

Hata hivyo swali hili lina mpaka wake. Mwandishi hodari si lazima awe muuguzi hodari, na barua yaweza kuandikwa na mtu mwingine. Kwa hiyo katika mahojiano mwombaji asimulie tena jambo lile lile kwa mdomo, aulizwe dawa ilikuwa kiasi gani, gari lilichukua muda gani, na nani alikuwapo. Aliyelitenda atajibu papo hapo. Aliyelinunua atarudia maneno ya barua. Leseni nayo ithibitishwe na Baraza la Wauguzi, na mwajiri wa zamani aulizwe.

Wako wanaotaka kufupisha njia kwa kuandika “mzaliwa wa hapa tu,” “mwanamume,” au “asiye na mume.” Wasifanye hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mwombaji kwa kabila, kwa kuwa mume au mke, au kwa hali ya ndoa. Kama lugha inahitajika kwa kazi, itajwe lugha na sababu yake, si kabila.

Kuna dalili za kujua kama tangazo limefanya kazi. Ikiwa barua 60 zimefika na 10 tu zimejibu swali vizuri, tangazo limechuja sawasawa, wala halmashauri isihuzunike kwa zile 50. Ikiwa zimefika 3 tu, labda tangazo halikuwafikia wauguzi. Lipelekwe katika vyuo vya uuguzi na hospitali za kaunti, au malipo yatazamwe upya. Na ikiwa mwombaji katika mahojiano anashangaa kusikia habari za barabara au maji, basi ukweli huo haukuandikwa wazi, na sharti uandikwe upya kabla ya tangazo lijalo.

Mwisho, kila ahadi ya tangazo iwekwe katika mkataba. Muuguzi aliyekubali maji ya gari na barabara mbovu huvumilia. Lakini nauli aliyoahidiwa isipolipwa, ama mshahara wa tarehe 28 ukija tarehe 15 ya mwezi mwingine, ataondoka kama wale wa kwanza, tena kwa haki.