Udhuru wa mzungumzaji: maswali na majibu

Kwa nini tarehe za makongamano Mombasa hugongana na ahadi nyingine?

Waandaaji hupanga siku kwa kalenda ya miladi, miezi mingi kabla. Shughuli nyingi za Mji wa Kale hufuata mwezi mwandamo, ambao mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi. Maulidi ya Lamu husomwa Mfungo Sita, na siku yenyewe hungoja mwezi uonekane. Kwa hiyo mtaalamu wa milango ya nakshi aliyekwisha kuahidi kuwa Lamu anaweza kualikwa azungumze Ngome ya Yesu siku zile zile. Kutoka Mombasa kwa barabara hadi Mokowe, kisha kuvuka kwa boti, ni safari ya kutwa. Kuhudhuria kote kuwili hakuwezekani.

Jibu litolewe lini, na kwa maneno gani?

Mara mgongano unapojulikana, na kwa maandishi, hata kama mwaliko ulitolewa barazani. Hatari kubwa ni "Inshallah nitajitahidi." Msemaji huwa amekusudia kukataa kwa adabu, mwalikaji husikia amekubaliwa, na jina huchapishwa kwenye ratiba. Hapana iliyo wazi ndiyo yenye adabu zaidi, kwa sababu humwachia mwandaaji muda wa kutafuta mtu. Udhuru mmoja wa kweli watosha. Sababu zikirundikwa, huonekana kama visingizio.

Mzungumzaji mwingine apendekezwe vipi?

Aulizwe yeye kwanza. Aelezwe mada, siku, na kwamba uamuzi ni wa waandaaji. Akiridhia ndipo jina na namba yake zitolewe. Barua itaje anachokijua hasa, si cheo chake tu. Mfano:

"Assalaam alaykum, Profesa. Nashukuru kwa kunialika nizungumzie milango ya Mji wa Kale. Siku hizo nitakuwa Lamu kwenye Maulidi, ahadi niliyoitoa kabla, kwa hivyo sitaweza kufika. Ikiwapendeza, yupo fundi wa nakshi wa hapa mjini ambaye amekarabati milango ya nyumba kadhaa. Nimemuuliza, na siku hizo ana nafasi. Jina na namba yake nimeambatisha. Uamuzi ni wenu."

Fundi huyo hatazungumza kama mwanahistoria. Atajua mbao, patasi na namna fremu inavyooza chini kwa unyevu, na pengine hatajua tarehe. Barua ikinyamaza juu ya tofauti hiyo, waandaaji watabaki na kichwa cha mada kisichomfaa, naye ataaibika mbele ya watu. Ni vyema kuwaambia wabadili kichwa, kutoka historia ya milango hadi ukarabati wake.

Je, aliyependekezwa asome makala ya aliyealikwa?

Hapana, isipokuwa waandaaji wenyewe wameomba hivyo. Maswali ya wasikilizaji yatamshinda, kwani kazi si yake. Na wakimchagua mwingine kabisa, aliyependekezwa apigiwe simu siku hiyo hiyo ili asiendelee kuiweka wazi tarehe hiyo.